Fundi wa Rangi Alitukanwa Bure: Soma Hiyo Picha ya Chati Vizuri

Leo nataka kumtetea mtu mmoja ambaye hatawahi kuona hii posti. Ni fundi wa rangi aliyepaka vyumba vya anko wangu huku Kabianga. Huyo jamaa alitukanwa na familia yetu nzima kwamba amechelewesha nyumba, na ukweli ni kwamba alifanya kazi yake kwa siku nane kamili, vile alivyopangiwa. Mjengo ulichelewa kabla yeye hata hajafungua mkebe wa rangi. Na ushahidi ulikuwa kwenye simu zetu wote, kwa picha ambayo hakuna aliyejua kuisoma. Mimi pia sikujua.

Mambo yalienda hivi. Anko aliweka pesa ya bonasi ya chai akaamua kujenga vyumba sita vya kupangisha wanafunzi karibu na Chuo Kikuu cha Kabianga. Formeni alianza Mei, akapiga hesabu ya siku 86 za kazi, Jumatatu hadi Jumamosi, ili nyumba iishe kabla wanafunzi waripoti Agosti. Siku ya 33, anko akapiga picha ya karatasi iliyobandikwa ukutani kwa stoo ya simiti, akaituma kwa grupu ya familia. Karatasi yenyewe ilikuwa chati ya Gantt, ile michoro ya pau nyingi zimelala kama ngazi inayoshuka kwenda kulia. Nyingine nyekundu, nyingine bluu, zimeunganishwa na vimishale.

Upande wa kushoto wa picha kulikuwa na jedwali. Naliweka hapa kwa sababu stori yote iko ndani yake:

```
ID  Kazi                     Duration  Predecessors
1   Msingi                   12 days
2   Slabu                    6 days    1
3   Kuta                     14 days   2FS+3 days
4   Ringi bimu               4 days    3
5   Paa                      10 days   4FS+7 days
6   Mabomba ya stima         6 days    4
7   Plasta                   12 days   5,6,8
8   Milango na madirisha     18 days   3
9   Shimo la choo            10 days   1
10  Sakafu                   5 days    7
11  Rangi na fitingi         8 days    9,10FS+5 days
12  Kukabidhi                0 days    11
```

Watu wengi wakiona picha kama hii wanaangalia pau peke yake. Pau ndefu, kazi kubwa. Pau fupi, kazi ndogo. Hapo ndipo tulipotea. Pau inakuambia kazi itachukua siku ngapi. Kitu kinachokuambia nani anamsubiri nani ni ile safu ya mwisho, `Predecessors`, na vile vimishale. Ukiona plasta imeandikwa `5,6,8`, maana yake plasta haianzi mpaka paa liishe, mabomba ya stima yawe yamelala ndani ya kuta, na fremu za milango na madirisha ziwe zimefungwa. Zote tatu. Mbili zikiisha na moja ibaki, fundi wa plasta anakaa kwa kivuli anakunywa chai.

Na hizo si sheria za formeni kuringa. Kila mshale una sababu yake kwa saiti. Paa linatangulia plasta kwa sababu huku kwetu mvua inakuja mchana bila kubisha hodi, na plasta mbichi ikinyeshewa inaoshwa. Mabomba ya stima yanatangulia kwa sababu ukisahau, utakuja kutindua ukuta uliopigwa plasta safi. Fremu za dirisha zinatangulia kwa sababu plasta ndiyo inaziba ule mwanya kati ya chuma na jiwe.

Halafu kuna ile `FS+7 days`. `FS` inamaanisha kazi ya kwanza iishe ndipo ya pili ianze. Ile `+7 days` ni kusubiri tu. Ringi bimu ni zege, na paa litaikalia, kwa hivyo formeni anaipa siku saba ikiwa inamwagiwa maji ishike nguvu. Kwenye picha hutaona pau yoyote hapo. Utaona nafasi tupu, na mtu asiyejua atasema mafundi wamelala. Hawajalala. Zege ndilo linafanya kazi, na huwezi kuliongezea vibarua.

Sisi watoto wa chai tunapaswa kuelewa hii kitu haraka kuliko mtu yeyote. Majani yakifika kiwandani yanamwagwa kwenye vitanda vya kunyausha, yanapulizwa hewa masaa mengi ndipo yaende kukatwa. Hata ulete wachumaji mia zaidi asubuhi, majani hayatanyauka haraka kwa sababu yako. Mjengo uko hivyo hivyo. Nenda uangalie lile Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu hapo Kericho mjini, lililofunguliwa 2015. Paa lake la vigae limebebwa na matao ya zege. Hakuna njia vigae vingeenda juu kabla matao hayajasimama.

Sasa tupige hesabu, na hakuna hesabu ngumu hapa. Anza na msingi, siku 12. Formeni angeweza kuandika tisa, lakini Mei ni mvua na mtaro hujaa maji, akaweka 12. Ongeza slabu siku 6, tumefika 18. Subiri tatu, 21. Kuta 14, tumefika 35. Ringi bimu 4, tumefika 39. Subiri saba, 46. Paa 10, tumefika 56. Plasta 12, tumefika 68. Sakafu 5, 73. Subiri tano sakafu ikauke, 78. Rangi na fitingi 8, tumefika 86. Kukabidhi.

Hiyo ndiyo njia nyekundu kwenye picha. Programu inaziita hizo kazi `Critical`. Si ati ndizo kazi muhimu kuliko zingine, kwa sababu nyumba bila choo si nyumba. Ni nyekundu kwa sababu huo ndio mnyororo mrefu zaidi kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hivyo ndio unaoamua siku ya kuhamia. Ukipoteza siku moja popote kwenye huo mnyororo na usiirudishe mbele, nyumba nzima inachelewa siku moja.

Kazi za bluu ziko na akiba. Kwenye programu safu yake inaitwa `Total Slack`, na formeni hakuwa ameiweka kwenye ile karatasi. Hapo mimi namlaumu kidogo. Lakini unaweza kuihesabu mwenyewe. Uliza kazi ingeisha siku gani kwa mpango, kisha uliza anayeisubiri anaanza lini.

Chukua shimo la choo. Linaweza kuanza msingi ukiisha, yaani siku ya 13, liishe siku ya 22. Nani anamsubiri? Rangi na fitingi peke yake, inayoanza siku ya 79. Kwa hivyo shimo lingeweza kuisha hata siku ya 78. Akiba yake ni siku 56. Mabomba ya stima yangeisha siku ya 45, na plasta inaanza 57, kwa hivyo akiba ni siku 11. Milango na madirisha, ukijumlisha fundi wa kuchomelea kuja kupima, kutengeneza na kufunga, ni siku 18 kuanzia ya 36, zinaisha 53. Plasta inaanza 57. Akiba ni siku tatu. Tatu tu!

Shika hiyo tatu, tutarudi.

Siku ya 33, picha ilipofika kwa grupu, ilikuwa na mstari wa wima unaoonyesha leo ni lini. Kazi zilizofanyika zilikuwa zimejazwa rangi nyeusi ndani ya pau. Na pale kushoto kwa huo mstari, pau ya shimo la choo ilikuwa tupu kabisa. Haijaguswa.

Anti ndiye alianza. "Mbona shimo limechelewa siku kumi na moja na hakuna mtu anasema?" Binamu mmoja akasema huyo formeni ni mwizi. Mwingine akasema tuchange. Mathe akaandika, "Mwanangu, fuatilia hiyo maneno ya choo." Formeni alijaribu. Alituma sauti moja, nakumbuka mpaka leo: "Mzee, shimo litangoja. Nisaidie tu pesa ya madirisha iwe tayari wiki hii." Hakuna aliyemjibu. Pau tupu ilikuwa inaonekana kwa macho, na madirisha yalikuwa pau ya bluu ambayo hata haijaanza. Nani angeogopa kitu cha bluu?

Anko akatoa elfu 30 aliyokuwa nayo mkononi, akaleta vibarua zaidi, mawe na simiti ya shimo. Shimo likachimbwa haraka sana. Tukapigiana makofi.

Siku ya 36 kuta zikawa zimefika juu na fundi wa kuchomelea akaja kupima. Akataka elfu 30 ya kununua vyuma kabla ya kuanza, na hiyo ni haki yake, hakuna fundi anakukopesha milango sita na madirisha sita. Pesa haikuwepo. Ilikuwa chini ya shimo. Anko akangoja malipo ya majani ya mwezi, na fundi akaanza siku ya 43.

Sasa fuata mshale. Siku 18 kuanzia 43 zinaisha siku ya 60. Alichelewa siku saba. Tatu zilimezwa na ile akiba, nne zikabaki. Paa liliisha vizuri siku ya 56 kama lilivyopangwa, mabati yanang'aa, na mafundi wa plasta wakafika siku ya 57 wakakuta matundu ya madirisha yako wazi. Wakarudi nyumbani. Walianza siku ya 61. Kila kitu baada yao kikasogea siku nne: sakafu, kukauka, rangi. Nyumba ikaisha siku ya 90.

Nne tu, utasema. Buda, hizo nne ndizo ziliangukia wiki ya wanafunzi kuripoti. Vyumba sita vilikuwa vimeahidiwa. Wanafunzi wanne walikuja na magodoro, wakakuta rangi mbichi na hakuna taa, wakaenda kwa jirani. Huwezi kuwalaumu, mtu hawezi kulala nje akingoja sakafu yako. Kila chumba kilikuwa elfu tatu na mia tano kwa mwezi. Vyumba vinne vilikaa tupu muhula mzima wa miezi minne. Hiyo ni shilingi 56,000 za anko. Na aliyekuwa saitini hiyo wiki akishika brashi ndiye alibeba lawama zote. Aliye mwisho kwa mnyororo ndiye anaonekana amechelewa, hata kama ucheleweshaji ulizaliwa wiki saba kabla.

Sasa maoni yangu, na najua kuna watu watanuna. Familia nyingi huku kwetu zinajenga kwa macho. Tunatupa pesa kwa kitu kinachoonekana kimelala badala ya kitu kinachoshikilia wengine. Kazi ikichelewa, swali la kwanza lisiwe "imechelewa siku ngapi?" Liwe "nani anaisubiri, na anaanza lini?" Shimo letu lilikuwa limechelewa siku 11 na halikuwa limemchelewesha mtu yeyote. Lingeweza kuanza siku ya 69 na bado tungehamia siku ya 86. Sisemi uache shimo mpaka dakika ya mwisho, mvua inaweza kulibomoa na akiba yote ikaisha kwa wiki moja. Nasema siku ya 33 halikuwa lastahili ile elfu 30 kabla ya madirisha.

Kosa la pili ni kuamini rangi za picha kama vile ni za milele. Nyekundu inahama. Siku fundi wa kuchomelea alipokosa pesa, madirisha yalitoka bluu yakawa ndiyo njia nyekundu mpya, na paa likapata akiba ya siku nne ambayo halikuwa nayo. Lakini karatasi ukutani ilibaki vile vile, na picha kwa simu ya anti ilibaki vile vile. Programu ingebadilisha rangi yenyewe kama formeni angeingiza tarehe mpya. Karatasi haibadiliki. Kwa hivyo ukitumiwa picha ya chati, tafuta ule mstari wa leo kabla ya kitu kingine chochote. Kama ni wa mwezi uliopita, unasoma historia.

Na kosa la tatu ni lile la watu wenye pesa kidogo zaidi. Wanasema, "Ongeza mafundi, tumalize mapema." Sawa, wapi? Tuseme anko angepata pesa ya kuongeza mafundi wa paa, siku 10 ziwe tano. Paa lingeisha siku ya 51. Ungedhani ameokoa siku tano. Lakini madirisha, hata yakienda bila shida yoyote, yanaisha 53. Plasta ingeanza 54 badala ya 57. Umelipia siku tano, umepata tatu. Mbili zimebaki kwa fundi wa kuchomelea. Ukitaka hizo mbili, itabidi umharakishe na yeye pia. Hivyo ndivyo pesa inavyopotea kwa mjengo bila mtu kuiba hata shilingi.

Kwa wale wanaosema hii ni mambo ya kampuni kubwa za wazungu: Henry Gantt alikuwa injinia Mmarekani, na chati zake zilipata umaarufu miaka ya 1910, zikitumika viwandani. Kabla yake, kule Poland, Karol Adamiecki alikuwa ameshachora kitu kinachofanana tangu 1896. Ile hesabu ya njia nyekundu ilikuja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1950, kutoka kwa James Kelley na Morgan Walker, waliokuwa wanatafuta namna ya kupanga ujenzi na ukarabati wa viwanda vya kemikali vya DuPont bila kuharakisha kila kitu kwa pamoja. Shida yao ilikuwa ile ile ya anko: pesa haitoshi kukimbiza kazi zote, basi ukimbize ipi? Hesabu niliyoifanya hapo juu ni ya kujumlisha. Niliifanya nyuma ya risiti ya mabati, na mimi niliacha kampasi mwaka wa pili.

Aliyenifundisha ni formeni mwenyewe, siku ya 61, tukiwa tumekaa juu ya mifuko ya simiti. Nilimuuliza mbona hakupiga kelele zaidi. Akacheka. "Kijana, nyinyi mlikuwa watu ishirini kwa simu, na mimi niko peke yangu na karatasi." Hapo nilinyamaza. Kama angeongeza ile safu ya `Total Slack`, ile 56 na ile 3 zingekaa karibu karibu, na hata anti angeziona. Na kama mmoja wetu angemuuliza mshale wa madirisha unaenda wapi, jibu lingekuwa neno moja: plasta.

Anko anaanza vyumba vingine vinne akipata bonasi. Safari hii pesa ya madirisha itakaa kando tangu siku ya kwanza, na chati itakuwa na safu ya akiba. Fundi wa rangi ameitwa tena. Nilimpigia mwenyewe kumwomba msamaha kwa niaba ya grupu. Alisema ameshasahau, ila akauliza swali moja kabla ya kukata simu: "Na madirisha yameshaagizwa?"